Kijana wa sheli alinipunguzia upepo "kwa sababu ya jua", tairi ikapasuka kabla ya Shelui. Nani alikosea?

BabaNeema_Buhongwa

Wakuu habari za jioni. Naanza na kusema wote tuko salama, gari tu ndiyo imeumia.

Jumamosi nilitoka Mwanza kwenda Dodoma msibani. Gari ni ya siti saba. Tuliondoka watu wazima watano na mtoto mmoja, wa sita tukampitia Shinyanga, na nyuma kulikuwa na magunia mawili ya dagaa kutoka Mwaloni pamoja na mabegi. Ijumaa jioni nilipita sheli moja nikajaza mafuta, nikamwambia kijana wa upepo anipimie. Mbele 33, nyuma 32 na 33. Kibandiko cha mlangoni kinasema 230 kPa, ambayo ni hiyo hiyo 33. Kijana akaniuliza naelekea wapi. Kusikia Dodoma akasema, "Mzee, jua la Singida si la mchezo. Upepo utapanda njiani tairi zipasuke. Ngoja nikupunguzie." Akashusha zote nne mpaka 26. Nikamwachia buku ya soda na kumshukuru.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, lami bado imelowa. Mbele ya Misungwi ng'ombe wakaanza kuvuka. Nilikuwa kwenye 90 hivi. Nikakanyaga breki, gari ikawa kama imepanda juu ya sabuni: usukani ukawa mwepesi ghafla, hakuna kinachoshika, halafu baadaye sana ndiyo ikashika. Ng'ombe wa mwisho nilimpita kwa kuchepuka. Nikajilaumu kwa spidi, safari ikaendelea.

Shinyanga tulimsubiri mama mdogo karibu saa mbili, jua likawa limeshapanda. Nzega tuliingia kama saa 7 mchana. Kabla hata watu hawajashuka kula nikatoa geji yangu ya mkononi nikapima: mbele 30 na 30, nyuma kulia 32, nyuma kushoto 33. Nilifurahi kabisa. Nikamwambia mke wangu, unaona, yule kijana alijua, upepo umepanda wenyewe mpaka kwenye namba yake.

Tumeshaipita Igunga, nikaanza kusikia mtetemo mdogo kwenye siti, kama gari inapita juu ya kamba zilizotandikwa barabarani. Nikadhani ni lami. Dakika chache baadaye, paa! Nyuma kushoto. Mkia ukayumba kulia, kushoto, nikashikilia usukani bila kugusa breki mpaka ikapungua yenyewe. Kashata nzima ilikuwa imebanduka, imelala barabarani kama mkanda.

Shemeji anasema tairi ilikuwa feki. Mke wangu anasema dagaa. Mimi swali langu: upepo ulipanda au ulishuka? Maana nilipopima ilikuwa 33.

Sangara_Mkavu

Pole sana mkuu. Dagaa walinusurika?

BabaNeema_Buhongwa

Walinusurika wote. Msibani walisifiwa.

MzeeWaFuso

Pole kijana wangu. Mimi nimeendesha Fuso miaka mingi, Mwanza, Tabora, Singida, hadi Mbeya. Yule kijana hakukosea. Hewa ikipata moto inatanuka, hilo hata mtoto wa shule anajua. Ukijaza mpaka mwisho asubuhi na baridi, mchana inazidi, tairi inakuwa ngumu kama jiwe na kupasuka. Sisi zamani tukifika mahali tunashuka, tunagonga tairi na bomba, ikilia ngumu sana tunatoa kidogo. Tairi yako ilikuwa na lake, usimsingizie mtoto wa watu.

Kijana_Breki

Hapo Misungwi tatizo liko wazi. Upepo umeingia kwenye breki. Toa upepo, badilisha mafuta ya breki, mafundi wapo Igoma wanafanya vizuri. Mimi ilinitokea Nyakato, pedali inazama hadi chini.

BabaNeema_Buhongwa

Mkuu, upepo ninaouzungumzia ni wa tairi. Pedali ilikuwa ngumu vizuri tu. Gari ndiyo haikushika barabara.

Kijana_Breki

Sawa, ila kaangalie na breki pia.

MamaGeji_Nyakato

Baba Neema pole. Nasimamia tairi kwenye gereji ya mabasi mwaka wa kumi na nne huu, kwa hiyo kabla sijasema neno nataka uniambie mambo matatu. Mabaki ya tairi unayo? Kama unayo, ndani yake kuna nini, ubavuni kukoje? Na zile namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT zinasomekaje?

Mzee wangu wa Fuso, shikamoo. Nitakujibu, si kwa kukukatalia kila kitu.

MzeeWaFuso

Marahaba. Nasubiri.

BabaNeema_Buhongwa

Nimeenda stoo na tochi ya simu. Ndani kuna unga mweusi, mwingi, kama wa penseli iliyochongwa, na vipande vidogo vya mpira. Ubavuni kwa ndani kuna alama ya mviringo inayozunguka tairi yote, mpira umekwaruzika na umekuwa na rangi ya bluu bluu. DOT inaishia 3116. Nimechungulia na ya kulia ambayo haikupasuka. Nayo kashata zimeliwa zaidi pembeni kuliko katikati, sikuwahi kuangalia.

MamaGeji_Nyakato

Hapo umeshajijibu nusu.

Ule unga ni mpira wa ndani ya tairi yenyewe uliosagika. Tairi yenye upepo wake, ubavu unajikunja kidogo tu pale chini inapokanyaga lami, halafu unanyooka. Ukipunguza upepo, unajikunja zaidi, na gari ya aina yako kwenye 100 km/h tairi inazunguka karibu mara 14 kwa sekunde. Chukua waya wa kufungia mzigo, ukunje na kuunyoosha haraka haraka, kisha gusa pale kwenye mkunjo. Unaunguza. Moto wa tairi unatoka hapo, ndani ya mpira wenyewe. Jua na lami ya moto vinaongeza tu, kwa sababu tairi inakosa mahali pa kupoza huo moto wake.

Chini ya kashata kuna mikanda ya waya iliyogandishwa na mpira. Sehemu dhaifu ni kingo za ile mikanda, kuelekea mabegani mwa tairi, na ndiko mkunjo unakozidi. Moto ukikaa pale muda mrefu, mpira unaachia waya. Kwanza unajisikia mtetemo, ndio zile kamba zako za barabarani. Wakati huo kashata imeshaanza kuachana na mwili. Ungesimama pale pale ungeona kivimbe. Watu wengi huwa hawasimami, wanailaumu TANROADS.

Tairi isiyotumia mpira wa ndani haipasuki hovyo kwa kuzidi pointi tano sita za joto. Imetengenezwa ikijua kwamba itapata moto. Namba ya kibandiko ni ya asubuhi, gari imelala, na ile nyongeza ya njiani walishaihesabu. Ukianza na 33 ukafika Nzega ukakuta 38, hata 39, hiyo ni tairi inayofanya kazi yake. Ukiitoa hiyo 5 ili urudi 33, kesho asubuhi utakuta 28.

MzeeWaFuso

Mama, maneno mazuri. Lakini jibu swali la kijana. Alipima mwenyewe Nzega, 33. Namba ya kibandiko. Sasa tairi yenye upepo kamili imepasukaje kwa upepo mdogo?

Sangara_Mkavu

Hapo mzee kamshika mtu.

Mwalimu_Nyegezi

Nafundisha fizikia, naomba niingie hapo hapo, maana hiyo 33 ndiyo namba niliyoipenda kuliko zote kwenye uzi huu.

Geji haipimi hewa yote. Inapima kile kilichozidi hewa ya nje. Kwa mwinuko wetu, Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni kama psi 12.8. Kwa hiyo geji ikisema 26, ndani kwa ukweli kuna 38.8. Tuseme asubuhi ilikuwa nyuzi 20. Ujazo wa tairi haubadiliki sana, kwa hiyo msukumo unapanda sambamba na joto, ila joto lihesabiwe kuanzia sifuri halisi, yaani ongeza 273. Nzega mwinuko haupishani sana na wetu, naacha ile 12.8 ibaki.

Mbele ilisoma 30, ndani ni 42.8. Hesabu inatoa nyuzi 50. Kwa safari ya mchana, hilo ni joto la kawaida la tairi.

Nyuma kulia 32, inatoa kama nyuzi 65.

Nyuma kushoto 33. Ndani ni 45.8. Gawanya kwa 38.8, zidisha kwa 293, toa 273. Unapata nyuzi 73. Na hiyo ni hewa ya katikati ya tairi. Kwenye zile kingo za mikanda alizosema Mama, mpira una joto kuliko hewa.

Kwa hiyo Baba Neema, tairi uliyoiona nzima kuliko zote ndiyo iliyokuwa inaungua kuliko zote. Geji ilikuwa inakuonyesha homa, wewe ukasoma afya. Tairi nne zilizoanza sawa zilipaswa kupanda kwa kukaribiana. Moja ikizitangulia wenzake, ile ndiyo ya kuishuku.

BabaNeema_Buhongwa

Mwalimu nimekaa kimya dakika kumi. Kwa hiyo ningekuta 30 zote nne ingekuwa afadhali?

Mwalimu_Nyegezi

Ingekuwa na moto mdogo, ndiyo. Bado ingekuwa pungufu, kwa sababu 30 ya tairi ya moto ni ndogo kuliko 33 ya tairi baridi, na ilipaswa kuwa juu yake.

MzeeWaFuso

Hesabu siwezi kubishana nazo. Lakini mbona kushoto na si kulia, wakati zote alizishusha 26?

MamaGeji_Nyakato

Swali zuri hilo mzee, na jibu lake la uhakika sina. Lami zetu zina mgongo, zinainamia pembeni ili maji yatoke, na sisi tunaendesha kushoto. Upande wa kushoto unabeba zaidi kidogo na ndio unaokanyaga kingo zilizomeguka. Pia yawezekana magunia yalikaa upande huo. Baba Neema ndiye anajua.

BabaNeema_Buhongwa

Yalikaa kushoto, kulia liliwekwa begi la mtoto. Mke wangu anacheka hapa.

MamaGeji_Nyakato

Basi na mama Neema ana hoja. Tuliangalie la mzigo. Ubavuni mwa tairi, baada ya saizi, kuna namba ndogo. Kwako ni ngapi?

BabaNeema_Buhongwa

195/65R15 91H.

MamaGeji_Nyakato

Hiyo 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615, lakini ikiwa na upepo wa psi 36. Upepo ukipungua na uwezo unapungua. Kwa makadirio tunayotumia gereji, kwa 33 inabeba kama 575, kwa 26 inabaki kama 470.

Gari yako tupu nadhani iko kwenye tani moja na nusu na ushee. Weka watu wazima sita, mtoto, dagaa, mabegi, unavuka tani mbili, na zaidi ya nusu inakaa nyuma. Naweka kilo 540 kwa kila tairi ya nyuma. Kwa 33 ungekwenda Dodoma ukarudi, ingawa mimi ningekuwekea 35 au 36 nyuma kwa mzigo ule. Kwa 26, kila tairi ya nyuma ilikuwa imezidiwa karibu kilo 70 kuanzia Shinyanga mlipotimia, na ya kushoto zaidi.

Yule kijana angekuwa amepunguza kwa mtu anayekwenda peke yake Kisesa na kurudi, wala tusingekuwa na uzi huu. Umbali, spidi, mzigo na jua vimekutana kwenye tairi moja.

Na 3116 ni wiki ya 31 ya mwaka 2016. Tairi yako ni mzee. Ulinunua mtumba?

BabaNeema_Buhongwa

Zilikuja na gari.

MamaGeji_Nyakato

Sasa ugomvi na shemeji hauishi. Mpira mzee hauvumilii moto kama mpya, kwa hiyo siwezi kukuambia tairi changa ingepasuka siku ile kwa hiyo 26. Huenda ingefika. Ila unga wa ndani na ule mviringo wa ubavuni hautokani na uzee, unatokana na kukunjwa sana. Tena kwa wingi ule na kashata zile za pembeni, nadhani hata kabla ya Ijumaa uliwahi kutembea wiki nyingi na upepo pungufu.

Mwalimu_Nyegezi

Niongeze moja nje ya mada. Mwaka 2000 Firestone waliita tairi milioni 6.5 Marekani, kashata zilikuwa zinabanduka, nyingi kwenye Ford Explorer, na majimbo ya joto ndiyo yaliyoongoza kwa matukio. Moja ya mabishano yalikuwa juu ya upepo: Ford walikuwa wanapendekeza 26, Firestone wakasema iwe 30. Kila mmoja akamtupia mwenzake. Kwa hiyo hii ya tairi, mzigo na upepo nani kaanza, hata wenye maabara waligombana.

Mtumbwi_Igombe

Mimi naona mnazidisha. Navuta boti kwa pikapu hapa ufukweni Igombe. Kwenye mchanga nashusha hadi 18 na gari inashika kuliko ikiwa imejaa. Tairi ikilala inakanyaga eneo kubwa, eneo kubwa linashika zaidi. Sasa mtu aniambie upepo mdogo unarefusha vipi breki.

MamaGeji_Nyakato

Mchangani uko sahihi, tairi inapaswa kuelea juu ya mchanga isizame. Ila unajaza tena kabla ya kuingia lami?

Mtumbwi_Igombe

Nikikumbuka.

Mwalimu_Nyegezi

Breki za Misungwi zilikuwa za lami iliyolowa, na huko mambo yanageuka. Kashata ina kazi ya kukamua maji yatoke chini ya tairi ili mpira uguse lami. Kinachosukuma maji ni mkandamizo, na mkandamizo wa katikati ya tairi unatokana na upepo. Upepo ukipungua, tairi inabeba kwa mabega, katikati inabonyea kwa juu kama bakuli lililofunikwa, na maji yanabaki pale. Spidi ikifika mahali, tairi inapanda juu ya maji.

NASA walipima jambo hili kwa tairi za ndege miaka ya 1960, wakatoa kanuni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha psi, zidisha kwa 16.7, unapata km/h ambayo tairi inaanza kuelea kwenye maji yaliyotuama. Kwa 33 inatoka kama 96. Kwa 26 inatoka 85. Baba Neema alikuwa 90.

Msiichukue kama sheria ya gari ndogo. Tairi ya gari haina umbo la ya ndege, na yenye kashata zilizoliwa inaelea mapema zaidi ya hapo. Chukueni mwelekeo tu: upepo ukishuka, ile spidi ya kuelea inashuka nayo.

BabaNeema_Buhongwa

Usukani kuwa mwepesi ndiyo huko kuelea?

Mwalimu_Nyegezi

Ndiyo huko. Na wakati unaelea breki ni kama hazipo, mita zinapita bure. Kwenye 90 unakula mita 25 kila sekunde. Sekunde moja ya kuelea ni urefu wa mabasi mawili.

Mtumbwi_Igombe

Na lami kavu?

MamaGeji_Nyakato

Hapo nitasema kweli hata kama inanipunguzia wateja. Kwenye lami kavu, upungufu wa pointi chache haurefushi breki kwa namna utakayoiona kwa macho. Kuna tairi zinarefusha, kuna nyingine hata hazijali. Ninachokiona gereji ni tofauti kati ya kushoto na kulia. Moja 33 na mwenzake 24, ukikanyaga kwa nguvu gari inavuta upande mmoja, dereva anarudisha usukani, na hapo ndipo watu wanapoingia mtaroni.

Mwalimu_Nyegezi

Mimi na Mama hapo hatuko pamoja kabisa. Tairi ikibeba kwa mabega peke yake, mpira wa mabegani unapata moto na kulainika, na mkanyago hauko sawasawa. Naamini hata kavu inarefusha, hasa ukiwa na mzigo. Lakini sina vipimo vyangu, kwa hiyo naishia hapo.

Shangazi_Mkolani

Jamani mimi gari yangu ina taa ya upepo kwenye dashibodi. Haijawaka. Niko salama? Natoka alfajiri kwenda Dar.

MamaGeji_Nyakato

Shangazi, taa nyingi zinasubiri upepo upungue kama robo nzima ndipo ziwake. Kwenye gari ya 33 hiyo ni kwenye 25 hivi. Baba Neema angekuwa na taa kama yako angeondoka na 26 yake na taa isingesema neno. Pima kesho kabla hujawasha gari. Ukitoka hapo hadi sheli ni mwendo mfupi, pima ujaze, si neno. Ila ukiwa umeshatembea sana, usitoe upepo hata ukute umezidi. Ukikuta pungufu na tairi ni ya moto, hapo ujue imepungua kweli kweli, jaza.

Mwalimu_Nyegezi

Na kwa wewe unayeshuka hadi pwani kuna kitu kingine. Dar hewa ya nje ni nzito kuliko yetu, kama psi 14.7. Tairi uliyoiacha 33 hapa, kule kwa joto lile lile geji itasoma 31. Haijavuja. Ukilala Dar, asubuhi pima upya ujaze za kule.

Shangazi_Mkolani

Wabeja sana. Hiyo ya Dar sikuwahi kuisikia. Kila nikifika kule namlaumu fundi pancha wangu wa Mkolani.

Sangara_Mkavu

Mwombe msamaha kabla hujasafiri.

BabaNeema_Buhongwa

Nimepita ile sheli leo. Yule kijana nimemkuta. Sikugomba, nilimwonyesha picha. Anasema alifundishwa hivyo na aliyemwachia kazi, na kwamba madereva wengi wenyewe ndio huomba wapunguziwe. Nikapima geji yao kwa geji yangu kwenye tairi moja: yao 33, yangu 30. Sasa sijui ipi ya kuamini.

MamaGeji_Nyakato

Njoo nayo Nyakato, nina moja ninayoitumia kuzipimia nyingine. Geji ya sheli inaangushwa chini kila siku, hupotea pointi mbili tatu kwa urahisi. Ikiwa yako ndiyo kweli, basi ile 26 ya Ijumaa ilikuwa 23.

Mwalimu_Nyegezi

Basi na hesabu yangu ya juu imebadilika. Kama kweli alianza na 23, ile tairi ya 33 pale Nzega ilikuwa inaelekea nyuzi 100. Sitaki kuamini, naona ni nyingi mno. Tupatie jibu la geji kwanza.

MzeeWaFuso

Sikulala vizuri jana kwa ajili yenu. Leo asubuhi gari ikiwa imelala nikamwita kijana wangu, nikamwambia acha bomba, leta geji. Nyuma kulia, zile pacha. Ya nje 105. Ya ndani 60. Nimezigonga zote mbili kwa bomba, zinalia sawa kwa sikio langu hili. Sijui imetembea hivyo tangu lini. Mama, hiyo ya ndani niijaze tu, au niivue kwanza niangalie huo unga?

MamaGeji_Nyakato

Ivue mzee. Usiijaze kabla hujaiona ndani, na mwenzake ivue pia, maana amekuwa akibeba za wawili.

MzeeWaFuso

Jeki iko chini tayari.